Kauli ya Aliyenyamaza

Kuna kazi moja ya kalamu ambayo watu wengi huiona nyepesi, nayo ni kumtungia mtu mwingine maneno atakayoyasema mbele ya hadhara. Mwenye haja huandika mambo machache kwa mkono wake, huyapiga picha, huyapakia katika simu na kuyapeleka kwa mtu anayesifiwa kwa ufasaha. Naye aliyepelekewa hutazamiwa kuyarudisha yakiwa hotuba kamili. Kazi hii haionyeshi hatari yake mpaka yatazamwe yale ambayo hayakuandikwa. Aghalabu karatasi hazisemi kama hotuba iwe ya kicheko au ya kulainisha moyo. Hazisemi iwe ndefu au fupi. Na, jambo lililo kubwa kuliko hayo mawili, hazisemi msemaji ni nani kwa hao wanaooana. Swali linalozuka ni hili: je, mwenye kalamu ana ruhusa gani ya kujaza pale alipoachiwa tupu?

Mahali pafaapo kulipima swali hili ni Kojani, kisiwa kidogo chenye watu wengi, kilicho upande wa mashariki wa Pemba katika Wilaya ya Wete. Wakojani wanajulikana pwani nzima kwa uvuvi na kwa dago, yaani kuhama kwa majuma au kwa miezi kufuata samaki, wakapiga kambi katika fukwe za mbali. Kwa maisha ya namna hiyo si ajabu mtu anayetakiwa kusema katika arusi awe ugenini mpaka siku mbili tatu kabla ya shughuli yenyewe, na simu yake iwe hai leo na kimya kesho. Si ajabu pia mabinamu kuoana. Ikiwa binti ya ndugu mmoja ameolewa na mwana wa dada yao, basi ndugu wa tatu wa kiume ni ami wa bibi arusi na mjomba wa bwana arusi kwa wakati mmoja. Mtu huyo akisimama, waliohudhuria wote wanajua nani anasema. Mwenye kalamu peke yake ndiye asiyejua.

Na tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa skuli amepelekewa picha tatu za kurasa za daftari, pamoja na ombi la maneno machache: amtengenezee mtu hotuba ya arusi, itakayosemwa siku ya Ijumaa baada ya nikaha. Picha ya kwanza ni ya maandishi ya herufi za Kirumi: kuanza kwa bismillahi, kuwashukuru wageni, kisha “kakulia kwetu”, kisha mstari usemao “dago, miezi 3, chakula, simu”, kisha “asipigwe”, na mwisho “subira pande zote”. Picha ya pili ina mistari mitatu ya herufi za Kiarabu. Picha ya tatu ni nusu ukurasa, nao una maneno “tumeoza kwa radhi”, na chini yake mstari mmoja uliokatwa kwa wino mzito.

Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuzipanga kurasa, kwa kuwa picha hufika kwa utaratibu wa kupelekwa wala si wa kuandikwa. Hutazama wino, mahali ulipopauka na mahali ulipokoza. Hutazama ukingo uliochanika kama unalingana na ukingo wa ukurasa wa pili, na kama neno la mwisho huku laendelea na la kwanza kule. Katika mfano huu aona kwamba ukurasa wa tatu ulitangulia: kalamu yake ni ileile ya maneno ya kwanza katika picha ya kwanza, na baada ya hapo kalamu imebadilika. Jambo hili si dogo. Maana yake ni kwamba mwenye karatasi alianza na “tumeoza”, akajaribu ule mstari wa pili, akaukata, ndipo akageukia wageni na dago. Aliyepanga kurasa kwa kufuata picha angaliuona mstari uliokatwa kama hitimisho lililoachwa. Kumbe ulikuwa mwanzo ulioshindikana.

Baada ya hapo huja usomaji wenyewe, na hapa herufi za Kiarabu zina mtihani wao. Katika maandishi ya kale ya Kiswahili kasra moja hutumika kwa *i* na kwa *e*, na dhumma moja kwa *u* na kwa *o*. Herufi be aghalabu ilichukua kazi ya *b*, ya *p* na ya *mb*, kwani sauti ya puani iliyotangulia mara nyingi haikuandikwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuyatengeneza maandishi haya ili kila sauti ipate alama yake. Lakini mzee aliyejifunza chuoni kwa desturi ya kale huandika kama alivyofundishwa. Kwa desturi hiyo kuoa na kuua huandikwa sawasawa, na kama si busara ya msomaji basi barua nyingi za posa zingalipelekwa kwa polisi.

Mistari mitatu ya picha ya pili inasema kwamba mahari yamepokewa na salamu zimefika. Katikati yake mna neno moja ambalo laweza kusomwa “nimemlea sana” au “nimemlia sana”, na mbele kidogo jingine ambalo ama ni “jamaa wa Tumbe”, kile kijiji cha kaskazini ya Pemba, ama ni mwanzo wa maneno “jamaa, tumpe”. Hili la pili halimsumbui sana mwalimu, kwa kuwa neno lifuatalo ni “wamefika”, na jamaa wa Tumbe waweza kufika, ila “tumpe” haiwezi kufuatwa na neno hilo. Lile la kwanza ndilo lenye uzito. Kama mtu alimlea bibi arusi, hotuba ni ya mlezi. Kama alimlilia, huenda ni ya jirani mwenye moyo mwepesi, au ya mtu aliyekuwa ugenini miaka mingi.

Mwalimu hufanya linalofaa: hutafuta katika mkono uleule maneno ambayo mwisho wake unajulikana, apate kuona kama mwandishi hutofautisha. “Tumepokea” limemalizwa kwa herufi ye. “Zimetufikia” nalo limemalizwa kwa herufi ye. Basi mkono huu hautofautishi, na ushahidi wa herufi umekwisha hapo. Hurudi kwenye maana, akaona “kakulia kwetu”. Hiyo ni Kipemba, na *ka* hapa ni “a” ya mtendaji katika jambo lililopita, jambo ambalo W. H. Whiteley alilieleza katika kitabu chake cha lahaja na mashairi ya Pemba kilichotolewa mwaka 1958. Kwa hiyo maana ni kwamba amekulia kwetu. Lakini “kwetu” ni nyumba ipi? Mkojani husema kwetu akikusudia chumba chake, mtaa wake, au kisiwa kizima. Neno hili laielekeza mizani upande wa “nimemlea”, ila halitoi hukumu.

Mpaka hapa karatasi zimekwisha kusema zaidi ya mwenyewe alivyodhani amesema. Kiswahili hakimwachi mtu azungumze juu ya ndoa bila ya kujulikana upande wake. Upande mmoja husema “tumeoa” na upande wa pili husema “tumeoza”. Herufi moja yatosha kumweka msemaji kwenye jamvi la akina bwana arusi au la akina bibi arusi. Aliyeandika “tumeoza”, tena “tumepokea”, ni wa upande wa binti. Hilo mwalimu aweza kulishika bila shaka. Lakini upande si udugu. Ami husema tumeoza, mjomba husema tumeoza, na jirani aliyebeba sufuria za pilau husema tumeoza, wala hakuna anayemkatalia.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wana kanuni mashuhuri wanayomnasibishia imamu wao: aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Baada ya kanuni hiyo wameweka mpaka wake, kwamba kimya mahali panapohitaji maelezo chaweza kuwa maelezo. Mfano wake ulio wazi zaidi uko katika ndoa yenyewe. Mwanamwali akiulizwa juu ya posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hana budi kutamka. Tofauti haiko katika kimya, maana masikio husikia kitu kilekile. Tofauti ni kwamba kimya cha mwanamwali kimepewa maana na sheria kabla ya yeye kunyamaza, na swali lilikwisha kuulizwa. Pasipo swali hapana kimya chenye maana, pana utupu tu.

Kwa mizani hii mambo matatu yasiyotajwa katika karatasi za Kojani hayalingani. Urefu na mwendo wa hotuba vina desturi inayojibu kwa niaba ya mwenye kunyamaza. Udugu hauna.

Tuanze na urefu, kwani ndio mwepesi. Hotuba itasemwa baada ya nikaha. Kama nikaha ni baada ya Alasiri, khutba ya ndoa imekwisha kusomwa, ijabu na kabuli zimekwisha kutamkwa, halua na kahawa ziko njiani, na mgeni aliyevuka kwa mashua analitazama jua. Mtu mzima anayesema kwa utulivu, akingoja watu waitikie amina, kwa kawaida hapiti maneno kama 100 kwa dakika moja. Mambo yaliyoandikwa katika karatasi ni sita au saba. Hotuba ya dakika 5, yaani maneno chini ya 500, itayabeba yote bila ya kuyanyosha. Mwalimu akiandika maneno 1,200 atakuwa amelazimika kubuni, kwa kuwa karatasi hazina mali ya kujaza chombo kikubwa hivyo. Njia ya kujua kama hotuba imepita kiasi chake si saa pekee. Ni kuhesabu sentensi ambazo hazina mzizi katika karatasi. Zikifika theluthi, msemaji amekwisha kupokonywa hotuba yake.

Mwendo wa maneno ni mgumu zaidi, lakini nao una kiongozi. “Asipigwe” si neno la kicheko. Mtu aliyeandika hivyo, peke yake kwenye mstari, bila kulipamba, anataka lisikike. Desturi ya nasaha za baada ya nikaha ni upole na dua, na neno hili zito laweza kukaa ndani yake. Mwalimu hana ruhusa ya kulilainisha likawa “muishi kwa mapenzi”, ingawa maneno hayo ni mazuri zaidi masikioni. Vilevile hana sababu ya kubadilisha “kakulia” likawa “amekulia”. Hotuba haiendi kuchapishwa; inakwenda kusemwa Kojani, na kinywa cha mzee kitakwama katika neno asilolizoea.

Walakini mwendo wa maneno hauwezi kwenda mbali bila ya udugu. Tudhani kwamba katika karatasi mlikuwa na mstari wa nne, usemao “leo nimenyang’anywa mke wangu”. Msemaji akiwa babu, ukumbi mzima utacheka, na bibi arusi atacheka ndani ya shela, kwa kuwa utani wa babu na mjukuu ndivyo ulivyo. Tangu utotoni alikuwa akimwita hivyo. Msemaji akiwa ami, maneno yaleyale ni fedheha isiyofutika. Hakuna herufi iliyobadilika. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mwenye kalamu achague kwanza mwendo, kisha udugu utajionyesha, wameshika mkia wakidhani ni kichwa.

Na udugu ndio hasa mahali ambapo kubuni ni kushuhudia uongo. Kwa Shafii walii wa binti ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, kisha mtoto wa kaka, kisha ami na watoto wake. Mjomba hayumo katika safu hiyo, hata kama ndiye aliyemlisha binti tangu kuachishwa ziwa. Basi mwalimu akiandika “mimi niliye walii wake”, kwa kudhani mlezi na walii ni mtu mmoja, na aliyesimama akawa mjomba, maneno hayo yatakuwa yamemvua kaka wa binti haki yake mbele ya mashahidi waliotoka kuishuhudia dakika kumi zilizopita. Nikaha yenyewe inafundisha adabu ya jambo hili. Bwana arusi aliye mbali aweza kuweka wakala akubali kwa niaba yake, lakini wakala hana budi amtaje aliyemtuma. Hasemi “nimekubali” akanyamaza. Husema amekubali kwa ajili ya fulani. Uwakala unasimama juu ya jina la mwenye jambo. Mwenye kalamu naye ni wakala, na aliyemtuma hakumpa jina.

Atasema mtu: si aulize? Kweli, hilo ndilo wajibu wa kwanza, na mwalimu asiyeuliza kwa kuona haya hana udhuru. Lakini mtu aliye dagoni huenda akapata nafasi ya kujibu ujumbe mmoja tu kabla ya simu kuzimika, basi afikiri ni swali lipi litakalopelekwa. Asiulize hotuba iwe ya dakika ngapi. Asiulize iwe ya furaha au ya mawaidha. Aulize: “Bibi arusi anakuitaje?” Swali hili ni bora kuliko “wewe ni nani kwake”, kwani jibu la hilo la pili laweza kuwa “mzazi wake”, neno ambalo pwani yote hulitumia kwa ukarimu. Lakini anakuitaje hujibiwa kwa neno moja: baba, ami, mjomba, babu, kaka. Neno hilo likifika, mwendo na urefu hufuata bila kuulizwa.

Na jibu lisipofika? Wako wanaoshauri kuandika hotuba mbili, moja ya ami na moja ya mjomba, msemaji achague. Shauri hili lina dhahiri ya uangalifu, lakini humlazimisha mzee kusoma karatasi mbili ndefu usiku wa kuamkia shughuli, na huenda akachanganya kurasa zake. Afadhali hotuba moja, ambayo udugu umewekwa mahali pamoja tu, mwanzoni, pameachwa wazi ajaze kwa mdomo wake: “Mimi, ambaye binti huyu ananiita ...” Baada ya hapo kila sentensi iwe ya kweli kwa kinywa chochote cha upande wa binti.

Hofu ya watu ni kwamba hotuba ya namna hiyo itakuwa baridi. Na ijaribiwe kwa mstari wa dago. Karatasi zina maneno manne tu: dago, miezi 3, chakula, simu. Mwalimu aandika: “Bwana arusi, sote tunaijua bahari. Utakwenda dago, na dago ni miezi mitatu. Usiondoke ila umeacha chakula ndani. Na simu yako ikipata nguvu, wa kwanza kupigiwa awe mkeo, kabla ya tajiri wa samaki.” Tajiri wa samaki hakuwamo katika karatasi. Je, ni ubunifu? Ni ubunifu, ila ni wa mahali, si wa mtu. Kila mvuvi ana wa kumpigia juu ya bei. Hakumshuhudilia msemaji jambo lolote. Hapohapo mwalimu alikuwa ameandika kwanza “bahari ndiyo kazi yetu”, kisha akaifuta “yetu”. Hajui kama msemaji ni mvuvi. Huenda ni fundi cherehani aliyetoka Wete. “Sote tunaijua bahari” latosha, kwani Kojani hata fundi cherehani anaijua.

Neno la “nimemlea” halikuingia. Mwalimu aliliacha nje pamoja na “nimemlia”, akabaki na “kakulia kwetu”, ambalo limeandikwa kwa herufi zisizo na shaka. Msemaji akitaka kusema zaidi juu ya malezi, anajua mwenyewe aliyoyafanya.

Umebaki mstari uliokatwa. Ukikuzwa katika kioo cha simu, chini ya wino mzito husomeka: “Lau baba yake angekuwapo.” Mstari huu ndio unaojibu mambo mengi. Msemaji si baba. Baba hayuko, na pengine amefariki. Kwa mtu anayetafuta sentensi ya kuwaliza watu, hakuna kito kuliko hiki, na yuko atakayesema kwamba mzee aliukata kwa kukosa maneno, basi apewe maneno. Lakini kukata ni kauli. Huyu hakunyamaza, alisema, kisha akarejea katika kusema kwake, na kurejea kulikuwa kwa mkono wake, kwa wino wa kutosha kuficha. Huenda aliogopa sauti yake itakatika. Huenda baba hakufa, bali alimwacha mama yake na binti, na jina lake halitajwi nyumbani humo. Mwalimu hajui, wala mstari haukukatwa ili ajue.

Hakuurudisha. Katika dua ya mwisho, mahali ambapo kila hotuba ya pwani huwaombea wazee waliotangulia mbele ya haki, aliandika maneno ya desturi, bila ya jina, kisha akaruka mistari miwili kabla ya amina.